Mjumuishi na Taarifa ya Majumuisho

Tuseme kuna kongamano la siku mbili pale Kilwa Masoko. Asubuhi wajumbe wote wako ukumbini, lakini baada ya chai wanagawanyika vyumba vitatu: cha magofu, cha uvuvi na cha usafiri wa kwenda Kilwa Kisiwani. Hakuna anayeweza kukaa vyumba vyote kwa wakati mmoja, ndiyo maana anateuliwa mtu wa kukusanya yaliyosemwa kotekote na kuyarudisha ukumbini yakiwa habari moja. Wafaransa wanamwita kwa jina linalotokana na kitenzi cha kurudisha au kuleta habari, na mikutano mingi ya kimataifa imelichukua hivyohivyo. Kwenye warsha zetu utasikia "rapotea", na yakaishia hapo.

Kiswahili chake ni kipi? "Katibu" ni mpana mno: katibu ana ofisi, ana barua, ana mwenyekiti wake. "Mwandishi wa kumbukumbu" ni jirani wa karibu, lakini kumbukumbu hufuata mwendo wa kikao, nani alifungua na nani alichangia. "Mtoa taarifa" lingefaa, ila tangu sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, masikio ya Watanzania yanamfikiria mtu anayefichua uovu. Mimi nachagua mjumuishi, na andiko lake taarifa ya majumuisho. Neno hilo tayari lina wenyewe: kamati ikimaliza ziara wilayani, hufanya kikao cha majumuisho kabla ya kuondoka. Kujumuisha si kufupisha tu, ni kuyaweka mengi pamoja yawe kitu kimoja, na hapo ndipo kazi ilipo.

Turudi kwenye vyumba vyetu. Kila chumba kina mwandishi wake, na mjumuishi amewapa wote karatasi ya aina moja kabla ya kuanza: hoja gani ilijadiliwa, walikubaliana nini, walipingana wapi, wanapendekeza nani afanye nini. Bila karatasi hiyo, mmoja atamletea kurasa kumi na mwingine mistari minne.

Jioni anazitandaza mezani. Chumba cha magofu kinataka mikoko zaidi ipandwe ufukweni mwa Kilwa Kisiwani, kwa kuwa mawimbi yanakula ardhi karibu na ngome ya Gereza. Chumba cha uvuvi kinataka ufukwe ubaki wazi, kwa kuwa ndipo wavuvi wanapopandisha vyombo. Mjumuishi mvivu ataandika kwamba wajumbe walisisitiza matumizi endelevu ya ufukwe. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, ila imeua ugomvi ambao kongamano liliitishwa kuusikiliza. Mjumuishi wa kweli anaziweka hoja mbili chini ya kichwa kimoja, anataja kila moja imetoka chumba gani, kisha anaandika kwamba hawakuafikiana. Si kazi yake kuwaamulia.

Anachunga pia uzito. Jambo lililosemwa na mzee mmoja haliwi "wajumbe walikubaliana" kwa sababu tu lilisemwa vizuri. Na kama hoja ya gati imetajwa vyumba viwili, inaandikwa mara moja, ikielezwa kwamba imetoka pande mbili.

Kwenye mapendekezo, lugha yetu yenyewe ina mtego. Kauli ya kutendwa inatuwezesha kumficha mtendaji bila aibu: "elimu itolewe", "ulinzi uimarishwe", "wadau wahamasishwe". Na nani? Ukisoma pendekezo ukashindwa kujua kesho asubuhi nani apelekewe barua, hilo ni dua. Liandike upya: TAWA, halmashauri ya wilaya na kikundi cha BMU cha Kilwa Kisiwani watembee ufukweni pamoja, waweke alama mahali pa mikoko na mahali pa diko, kabla kusi haijaanza kuvuma.

Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO nayo humchagua mjumuishi miongoni mwa viongozi wake. Ilipoyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mwaka 2004, na ilipoyatoa mwaka 2014, kilichobaki baada ya mabishano ni maneno ya uamuzi yaliyoandikwa.

Na hata taarifa yetu ya Kilwa Masoko ikiandikwa, bado ni rasimu. Siku ya pili mjumuishi anasimama kusoma mbele ya wote. Mvuvi mmoja ananyoosha mkono: "Sisi hatukukataa mikoko, mwanangu. Tulikataa isipandwe dikoni." Mjumuishi anafuta, anaandika "dikoni", anasoma tena.