popo wa darini: kumtambua na kumtaja kwa pua, sikio na manyoya

popo *nomino* [ngeli A-WA, umoja na wingi: popo] mnyama wa kundi la mamalia arukaye kwa mabawa ya ngozi, ambaye huzaa, hunyonyesha, na aghalabu hutoka usiku. *Popo huyu amejibanza chini ya bati. Popo hawa wametoka darini jua lilipotua.*

Tatizo la jina

Katika mazungumzo ya kila siku neno *popo* hutosha kwa popo wote. Mwenye nyumba asemapo kwamba darini mwake mna popo, hueleweka. Neno hilo halitoshi pale mfasiri anapokabidhiwa matini yenye jina la spishi moja, au pale mwalimu anapoletewa picha ya simu na kuulizwa, "Huyu ni popo gani?"

Jibu lina uzito wake. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba virusi vya Bombali, vilivyo jamaa ya virusi vya Ebola, vimegunduliwa nchini Sierra Leone katika spishi mbili za popo waishio ndani ya majengo: *Mops condylurus* na *Mops pumilus*. Baadaye vilipatikana pia katika *Mops condylurus* wa eneo la Taita, Kenya. Haijathibitika kwamba virusi hivyo vimewahi kumwuguza mtu. Tangazo likifasiriwa "popo wa darini wana virusi", popo wengine wengi wasiotajwa katika utafiti huo huingizwa katika shutuma, na watu huanza kuwafukiza na kuwaua ovyo. Kwa hiyo anayetaja popo hana budi kujua picha inaruhusu jina la kiwango gani: la familia, la jenasi, au la spishi.

Istilahi zinazohitajika

*Spishi* hutumika katika ngeli ya I-ZI: spishi hii, spishi hizi. Haifai kuibadilisha na *aina* katika matini ya kisayansi, kwani "aina mbili za popo" yaweza kumaanisha spishi mbili, au popo wa rangi mbili tu.

*Jani la pua* ni kinyama chembamba kilichosimama juu ya pua au kuizunguka. Si kila popo anacho.

*Kiulimi cha sikio* ni kinyama kidogo kinachosimama ndani ya sikio, mbele ya tundu lake.

*Kigasha* ni sehemu ya mkono kutoka kisukusuku hadi kifundo cha mkono. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ukubwa wa popo, kwa kuwa mfupa huo ni mrefu, ni mnyofu, na huonekana wazi bawa likiwa limekunjwa. Katika maelekezo ya upimaji ni heri kuliepuka neno *kiwiko*. Baadhi ya wasemaji hulitumia kwa kisukusuku, wengine kwa kifundo cha mkono, na msomaji hawezi kujua aanzie kupima wapi.

*Manyoya* hutumika kwa ndege na kwa wanyama. Kwa kuwa popo huruka, kitabu cha wanafunzi wadogo kinafaa kusema waziwazi kwamba manyoya yake ni kama ya paka wala si kama ya kuku.

Pua hutazamwa kwanza

Umbo la pua halibadiliki kwa umri, kwa mwanga wala kwa majira, nalo hugawa popo wa majengo katika makundi makubwa. Picha ya uso kutoka mbele ina faida kuliko picha kumi za mgongo.

Popo wa jenasi *Rhinolophus* wana jani la pua lenye sehemu mbili zinazoonekana kwa urahisi: chini umbo la kiatu cha farasi, na juu ncha iliyochongoka kama mkuki. Popo wa jenasi *Hipposideros* nao wana jani la pua, ila halina ncha hiyo. Sehemu yake ya juu ni ya mviringo. Makundi yote mawili hayana kiulimi katika sikio. *Nycteris* wana ufa mrefu unaopasua uso katikati, kana kwamba ngozi imekunjwa pande mbili.

Wengine hawana jani la pua kabisa, na hapo ndipo hasa walipo popo wanaojibanza chini ya mabati. Uso mtupu hautoshi kumtaja mnyama, lakini huondoa makundi yote yaliyotangulia. Kama uso huo ni mrefu kama wa mbwa, macho ni makubwa, na ukingo wa sikio unafanya duara lililofungwa, huyo ni popo wa matunda. Popo wa matunda huweza kuning'inia upenuni, lakini si kawaida yake kujipenyeza katika mianya ya bati.

Sikio na mkia hufuata

Popo wenye nyuso tupu hutenganishwa kwa masikio, na ukubwa wa sikio peke yake si swali la kutosha. Swali lenye manufaa zaidi ni kwamba masikio yameungana au yametengana. Popo mkia-huru, yaani familia ya Molossidae, wana masikio mapana na mazito yanayoelekea mbele, na katika spishi nyingi za majengo ya Afrika Mashariki yameunganishwa na ukanda wa ngozi juu ya paji la uso. Mdomo wao wa juu una mikunjo mingi. Mkia hutokeza nje ya utando kama mkia wa panya, na ndio uliowapa jina.

Popo wa jenasi *Scotophilus*, ambao nao hupenda mapaa, wana masikio mafupi yaliyotengana, kiulimi kirefu kilichopinda, na mkia uliofungwa ndani ya utando karibu wote. *Nycteris* wana masikio marefu sana kuliko kichwa, na mkia wao huishia kwa umbo la herufi T, alama isiyopatikana kwa popo mwingine yeyote.

Picha huweza kupotosha urefu wa sikio. Likielekea kamera, sikio huonekana fupi kuliko lilivyo, na likipigwa kwa karibu mno huonekana kubwa. Ni salama kulilinganisha na kichwa cha popo yuleyule katika picha iliyopigwa kutoka ubavuni.

Rangi huja mwisho

Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza. Kumbe ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. *Hipposideros caffer* huweza kuwa wa kijivu au wa rangi ya chungwa iliyokolea, na wote wakawa spishi moja. Popo wachanga aghalabu huwa na rangi ya kijivu kuliko wazazi wao. Katika dari lenye kinyesi kingi, mvuke wa amonia huweza kuyapausha manyoya ya kahawia yakaelekea wekundu. Juu ya hayo, taa ya simu huyafanya manyoya ya kahawia yaonekane mekundu au ya dhahabu.

Rangi inayosaidia ni ile yenye mpangilio. Tumbo la manjano kwa popo mwenye uso mtupu na masikio yaliyotengana huimarisha jina *Scotophilus*. Hata hivyo haliendi mbali zaidi ya jenasi, kwani spishi za jenasi hiyo zinafanana mno na baadhi yake hutenganishwa kwa vipimo vya maabara. Katika hali hiyo *Scotophilus* sp. ni jibu kamili, wala si jibu lililokatika.

Mfano wa picha tatu

Popo amekutwa asubuhi amekufa chini ya upenu wa darasa lenye paa la bati. Rula imesogezwa kando yake kwa kijiti, na picha tatu zimepigwa.

Picha ya kwanza inaonyesha uso. Hakuna jani la pua wala ufa. Mdomo wa juu umejaa mikunjo, na masikio yameungana juu ya paji. Picha ya pili inaonyesha mgongo, na mkia umetokeza wazi nje ya utando. Kufikia hapo familia imejulikana: ni popo mkia-huru.

Picha ya tatu inaonyesha bawa lililokunjwa, na kigasha kinasoma milimita 47. *Mops pumilus* ni mdogo. Kigasha chake huwa takriban milimita 35 hadi 42. *Mops condylurus* huwa na takriban milimita 44 hadi 51. Huyu wa kwanza ameondoka, na wa pili amebaki. Manyoya ya mgongo ni ya kahawia, na katikati ya tumbo ni meupe-meupe, jambo linalopatana na *Mops condylurus*.

Bado kuna popo mkia-huru wengine wa kimo hicho. *Mops bivittatus* ni mmoja wao, naye huwa na madoa meupe kichwani na mabegani. Picha ya mgongo haionyeshi madoa, lakini kukosekana kwa doa katika picha moja yenye mwanga hafifu si ushahidi mzito. Kwa hiyo jina linaloandikwa ni "yumkini *Mops condylurus*". Neno *yumkini* linaondolewa na mtaalamu aliyekagua meno na fuvu, au na kipimo cha vinasaba.

Kipimo chenyewe nacho hukaguliwa. Rula ikiwa karibu na kamera kuliko popo, kigasha kitasomeka kifupi kuliko kilivyo, na *Mops condylurus* mdogo ataitwa *Mops pumilus*. Rula na kigasha sharti vilale katika usawa mmoja.

Popo, awe hai au mfu, hashikwi kwa mkono mtupu. Aliyeumwa au kukwaruzwa huosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha huenda kituo cha afya siku hiyohiyo kuhusu kinga ya kichaa cha mbwa.

Namna ya kuandika jina

Jina la kisayansi huandikwa kwa italiki, jenasi kwa herufi kubwa na spishi kwa herufi ndogo, nalo halifasiriwi. *Mops pumilus* huonekana katika vitabu vingi kama *Chaerephon pumilus*. Ni mnyama yuleyule, na mfasiri asihesabu spishi mbili.

Jina la maelezo kama *popo mkia-huru* hutangulia, na la kisayansi hufuata pale linapotajwa mara ya kwanza. Linganisha:

*Popo wadogo weusi walikutwa darini.* Sentensi hii inaeleza kilichoonekana, wala haidai zaidi.

*Popo mkia-huru (Molossidae) walikutwa darini.* Inahitaji picha ya mkia.

*Popo mkia-huru, yumkini* Mops condylurus*, walikutwa darini.* Inahitaji uso, mkia na kipimo cha kigasha.

Kila sentensi kati ya hizo ni sahihi mahali pake. Kosa ni kuandika ya tatu kwa ushahidi wa ile ya kwanza.