Umenunua PS5: Je, uuze mashine yako ya zamani?

Kijana amepata PlayStation 5. Chini ya televisheni bado kuna PS4, na kabatini kuna PS3 yenye vumbi. Anataka kuziuza zote mbili ili arudishe sehemu ya fedha alizotumia. Jibu letu kwa kifupi: PS4 inaweza kuondoka, PS3 ibaki. Tunaeleza kwa nini.

Kwa nini PS5 inacheza gemu za PS4 lakini si za PS3?

Gemu huandikwa kwa kufuata chipu kuu ya mashine, yaani ubongo wake. PS4, iliyotoka mwaka 2013, na PS5, iliyotoka mwaka 2020, zinatumia chipu za kampuni ya AMD za ukoo mmoja. Amri ambazo PS4 inazielewa, PS5 nayo inazielewa, ndiyo maana karibu gemu zote za PS4 zinakubali.

PS3 ya mwaka 2006 ilikuwa na chipu ya aina nyingine kabisa, iitwayo Cell. Ili PS5 icheze gemu hizo, ingebidi iige kazi ya chipu hiyo amri kwa amri, na hilo ni kazi nzito.

Njia nyingine ni kuweka chipu ya zamani ndani ya mashine mpya. Sony walifanya hivyo: PS3 za mwanzo zilizouzwa Japani na Marekani zilibeba chipu za PS2 ndani yake. Lakini chipu hizo ziliongeza gharama, na kuanzia mwaka 2007 zikaanza kuondolewa. Kwa hiyo si kila PS3 inacheza diski za PS2.

Tuchukue mfano wa FIFA 19. Ilitoka kwa PS4, na pia ilikuwa FIFA ya mwisho kwa PS3. Diski mbili zenye jina moja: ya PS4 itacheza kwenye PS5 yenye sehemu ya kuingizia diski, ya PS3 haitacheza. Usiangalie jina la gemu, angalia alama ya PS3 au PS4 iliyo juu ya kasha.

PS5 yako ina mdomo wa diski?

PS5 ya Digital Edition haina sehemu ya kuingizia diski. Mwenye diski ishirini za PS4 akinunua hiyo, hawezi kucheza hata moja kwa mashine jinsi inavyouzwa. Gemu alizonunua mtandaoni kwa akaunti yake ndizo atakazopakua upya. Akiuza PS4 kabla ya kulijua hilo, huenda diski zake zisiwe na kazi tena. Huyu ndiye mtu pekee tunayemshauri aibakize PS4.

Kabla ya kuuza PS4

Kinachopotea mara nyingi si gemu, ni hatua ulizofikia ndani yake. Diski haihifadhi hatua hizo, zimo ndani ya mashine. Washa mashine zote mbili, ingia kwa akaunti ileile, ziunganishe kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, kisha kwenye PS5 fungua:

```
Settings > System > System Software > Data Transfer
```

Kama mtandao ni wa kusuasua, nakili hatua zako kutoka PS4 kwenda kwenye flashi, kisha uziingize PS5. Halafu fungua gemu moja moja kwenye PS5 na uone kama inaendelea pale ulipoachia. Angalizo: toleo la PS5 la gemu hiyohiyo si lazima lisome hatua za toleo la PS4. Likianza upya, jaribu toleo la PS4 kabla ya kudhani umepoteza kila kitu.

Ukishahakikisha, kwenye PS4 fungua `Activate as Your Primary PS4` na uchague `Deactivate`, kisha malizia kwa `Initialize PS4`. Amri hii ya mwisho hufuta kila kitu, na hairudi nyuma. Ukiiruka, mnunuzi atabaki na akaunti yako.

Na PS3 je?

Katika baadhi ya nchi Sony hutoa gemu za PS3 kwa njia ya mtandao, kwa malipo ya uanachama. Lakini ni zile zilizo kwenye orodha yao tu, zinahitaji intaneti ya kasi isiyokatika, na diski uliyonayo haihesabiwi.

Kwa hiyo mwenye diski za PS3 anazozipenda hana mashine ya kuchukua nafasi yake. Kabla ya kuirudisha kabatini, ingiza diski mbili tatu na ucheze kwa muda. Ikichelewa kuzitambua, au ikizikataa zote, kisomea diski kimeanza kuchoka. Ikisoma vizuri, ihifadhi pamoja na waya na pedi zake. Kama huna diski yake hata moja, basi nayo iuze.