VPN ya Simu, Hotspoti na Laptopu: Njia Zilitengana Wapi?

Leo tuangalie jambo ambalo watu wengi hulichukulia kuwa wazi. Umewasha VPN kwenye simu, ule ufunguo mdogo unaonekana juu ya kioo, kisha ukawasha hotspoti na kuunganisha laptopu. Je, laptopu nayo imo ndani ya VPN? Kwenye Android ya kawaida, na kwenye iPhone pia, jibu ni la. Simu imo, laptopu haimo. Ukitaka kujua kwa nini, inabidi urudi nyuma uone jinsi simu ilivyogeuka kutoka modemu ikawa ruta.

Wenye umri wanakumbuka enzi za GPRS. Ulichomeka Nokia kwa kebo au ukaiunganisha kwa Bluetooth, ukapiga *99# kutoka kwenye Windows, APN ikiwa safaricom, jina saf, nywila data. Wakati huo simu ilikuwa modemu tu. Anwani ya IP iliyotoka kwa kampuni ya simu ilikuwa ya kompyuta yako, na VPN kama ulikuwa nayo ilikaa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Swali la leo halingeweza hata kuulizwa.

Mwaka 2009 Android 1.6 ilikuja na mipangilio ya VPN ndani ya simu. Mwaka 2010 Android 2.2 ikaleta hotspoti ya Wi-Fi. Tazama kilichobadilika: simu sasa ndiyo iliyokuwa na anwani ya kampuni, nayo laptopu ikapewa anwani ya nyumbani ya aina ya 192.168.43.x. Simu ilipokea paketi za laptopu, ikazibandika anwani yake yenyewe, ikazitupa upande wa kampuni. Hiyo ni kazi ya ruta. Lakini kazi ya kubandika anwani ilipangwa kwa mlango wa kampuni peke yake. Ndiyo maana waliokuwa na ruhusa ya root walilazimika kuongeza amri yao wenyewe ili paketi za laptopu ziweze kutokea kwenye mlango wa VPN:

```
iptables -t nat -A POSTROUTING -o tun0 -j MASQUERADE
```

Mwaka 2011 Android 4.0 iliruhusu programu yoyote kujenga VPN bila root, na hapo ndipo VPN zilipoanza kujaa sokoni. Hata hivyo, mgawanyiko wenyewe ulikamilika mwaka 2014, kwenye Android 5.0. Mfumo ule uliandikwa upya ili simu iweze kushika mitandao kadhaa kwa wakati mmoja, kila mtandao na jedwali lake la njia. Kuamua paketi iende jedwali gani, kerneli husoma orodha ya kanuni kutoka juu kwenda chini. Ukiingia kwa adb shell na kuandika ip rule utaiona. Hapa nimefupisha mistari miwili inayotuhusu (namba na majina hutofautiana toka simu hadi simu):

```
12000: from all iif lo uidrange 0-99999 lookup tun0
18000: from all iif wlan0 lookup rmnet0
```

Mstari wa kwanza unasema hivi: paketi iliyozaliwa ndani ya simu, na inayomilikiwa na programu yenye namba ya mtumiaji katika kundi hili, iende kwenye handaki la VPN. Mstari wa pili: paketi iliyoingia kupitia wlan0, yaani hotspoti, iende moja kwa moja kwa kampuni ya simu. Paketi ya laptopu haikuzaliwa ndani ya simu na haina namba ya mtumiaji yeyote wa simu. Kanuni ya kwanza inaipita tu, ya pili inaidaka. Programu ya VPN haijui kama paketi hiyo ilipita.

Mimi naona uamuzi huo una akili. VPN nyingi ni za kazini. Kama handaki lingeshirikiwa kimyakimya, jamaa aliyekuomba bando kwenye matatu angejikuta ndani ya mtandao wa ofisi yenu. Kibaya ni kwamba ule ufunguo juu ya kioo hausemi lolote kuhusu wageni wa hotspoti. Hata kile kitufe cha kuzuia muunganisho wowote usiopita VPN, kilichokuja na Android 8 mwaka 2017, kinahusu programu za simu yenyewe.

Tuchukue kisa halisi. Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilizuiwa hapa Kenya. Mtu mwenye VPN kwenye simu aliifungua bila shida. Laptopu iliyounganishwa kwa hotspoti ya simu hiyo hiyo, nayo ikiwa haina VPN yake, ilitoka kwa njia ya kawaida na kukutana na kizuizi. Kama uliwahi kuona Telegram ya laptopu ikisema Connecting... huku ya simu inafanya kazi, sasa unajua kwa nini. Na huyo ana bahati, maana kukwama kumemwonyesha ukweli. Mwandishi wa habari anayetuma nyaraka kwa tovuti isiyozuiwa hatakwama popote, na ataamini amejificha.

Kwa huyo, ni nini hasa kinabaki salama? Kutoka laptopu hadi simu, nywila ya WPA2 inamkinga na majirani. Yaliyomo ndani ya kurasa za HTTPS yanabaki yamefungwa hadi kwenye seva. Lakini kampuni ya simu inaona anwani ya IP ya kila seva anayoitembelea, na kwa kawaida inaona jina la tovuti pia, kwa sababu maswali ya DNS ya laptopu huishia kwa seva za kampuni, na jina lilo hilo huonekana tena HTTPS inapoanza kusalimiana.

Kupima ni rahisi. Fungua ifconfig.me kwenye simu, kisha kwenye laptopu. Anwani zikitofautiana, laptopu iko nje.

Suluhisho lililo imara ni lile la enzi za *99#: weka VPN kwenye laptopu yenyewe. Njia ya pili ni kuendesha proksi ndani ya simu, kwa mfano kwa programu ya Every Proxy. Proksi ni programu ya simu, ina namba ya mtumiaji, kwa hiyo inachokiomba kwa niaba ya laptopu kinadakwa na kanuni ya kwanza. Jaribu hivi, ukiweka anwani na mlango ambao simu yako inaonyesha:

```
curl --socks5-hostname 192.168.43.1:1080 https://ifconfig.me
```

Usilipuuze neno hostname hapo. Ukiandika --socks5 peke yake, jina la tovuti litatafutwa na laptopu, nje ya handaki, na kampuni italiona. Kwenye Firefox kisanduku chake ni Proxy DNS when using SOCKS v5. Tena proksi inasaidia programu ulizozielekeza huko tu. Masasisho ya Windows na vinginevyo vitaendelea kupita mlango wa zamani.

Wenye LineageOS wana chaguo la kuruhusu wageni wa hotspoti watumie VPN. Wenye root wana programu ya VPNHotspot. Ukichagua hiyo ya root, zima kwanza Tethering hardware acceleration kwenye mipangilio ya wasanidi, kwa sababu tangu Android 8 simu nyingine huzipitisha paketi za hotspoti ndani ya chipu bila kuzirudisha kwenye kerneli, na kanuni ulizoziandika huko hazitazigusa.