Alama Zenye Uzito Tofauti: Jinsi Matokeo ya Kidato cha Nne Yanavyokokotolewa

Mwanafunzi anayehitimu Kidato cha Nne huingia kwenye matokeo akiwa na alama za aina mbili: za upimaji endelevu, zilizokusanywa shuleni kabla ya mtihani, na za mtihani wa mwisho unaoandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Upimaji endelevu hubeba asilimia 30 ya alama ya somo, na mtihani wa mwisho hubeba asilimia 70.

Kwa mfano, wachukuliwe wanafunzi wawili wa Songwa, wilayani Kishapu, katika somo la Hisabati. Wa kwanza ana 62 katika upimaji endelevu na 32 katika mtihani. Wa pili ana 32 katika upimaji na 62 katika mtihani. Kwa wastani wa kawaida wote wangepata 47. Kwa wastani wenye uzito, wa kwanza anapata 18.6 jumlisha 22.4, yaani 41. Wa pili anapata 9.6 jumlisha 43.4, yaani 53.

Daraja C huanzia 45, na D huanzia 30 hadi 44. Hivyo wa kwanza ana D, wa pili ana C. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa mwanafunzi anayetaka kuchaguliwa kujiunga na Kidato cha Tano hutakiwa kuwa na angalau C tatu, bila kuhesabu masomo ya dini.

Mwanafunzi wa kwanza amepungukiwa na alama nne. Kuzipata katika mtihani kungehitaji alama sita zaidi, kwa kuwa kila alama ya mtihani huongeza 0.7. Katika upimaji endelevu angehitaji alama 14 zaidi, kwa kuwa kila moja huongeza 0.3 tu. Ndiyo maana alama nzuri za shuleni, peke yake, hazimwokoi aliyeteleza kwenye mtihani.

Kosa la kawaida kwa anayejaribu kukokotoa nyumbani ni kuzidisha alama kabla ya kuzigeuza kuwa asilimia. Jaribio lililosahihishwa kwa alama 50, ambalo mwanafunzi alipata 31, ni sawa na asilimia 62. Akizidisha 31 moja kwa moja kwa 0.3 atapata 9.3 badala ya 18.6, na jumla yake itashuka hadi 31.7.

Aidha, uzito ulioandikwa si lazima uwe ndio unaotenganisha watahiniwa. Shule ikiwapa wanafunzi wote kati ya 60 na 65 katika upimaji endelevu, tofauti kubwa kabisa baina yao kwenye sehemu hiyo itakuwa alama 1.5. Asilimia 30 ipo kwenye hesabu, lakini mpangilio wa wanafunzi hao utaamuliwa karibu wote na mtihani wa mwisho.