Ujumlishaji wa Saa za Kazi

Chuo cha masomo ya uchumi cha Bukareshti, Romania, kiliendesha mradi uliogharamiwa na fedha za Umoja wa Ulaya. Baadhi ya wataalamu wa mradi huo walikuwa tayari waajiriwa wa chuo hichohicho kwa mikataba mingine. Saa za mikataba yote zilipohesabiwa kwa pamoja, zilionekana siku, kati ya Oktoba 2012 na Januari 2013, ambazo mtu mmoja aliandikiwa kazi ya zaidi ya saa 13. Mamlaka iliyosimamia fedha hizo ikakataa sehemu ya gharama za mishahara.

Kwa nini 13? Sheria ya Ulaya inampa mfanyakazi saa 11 za kupumzika mfululizo katika kila saa 24, na zinazobaki ni 13. Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 17 Machi 2021 iliamua kwamba mtu mwenye mikataba kadhaa kwa mwajiri mmoja huhesabiwa mapumziko ya siku kwa mikataba yote kwa pamoja. Msingi wa uamuzi ni rahisi kuuelewa: saa moja haiwezi kuwa ya kazi na ya mapumziko kwa wakati uleule. Mikataba ikitazamwa mmojammoja, saa ambayo mkataba wa kwanza unaiita mapumziko huenda ndiyo saa ya kazi katika mkataba wa pili. Kuhusu waajiri wawili tofauti, Mahakama haikutoa jibu.

Ujerumani jibu hilo limeandikwa waziwazi. Kifungu cha 2 cha sheria yake ya muda wa kazi kinaagiza kwamba saa zinazofanywa kwa waajiri mbalimbali zijumlishwe. Kwa Kiswahili istilahi inayofaa ni *ujumlishaji wa saa za kazi*. Wengine wangeandika *ujumuishaji*, lakini kujumuisha ni kuingiza kitu ndani ya kingine, na hapa kinachotakiwa ni hesabu ya kutafuta jumla.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mfanyakazi wa ghala mjini Hamburg. Jumatatu hadi Ijumaa huingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, na ndani yake ana nusu saa ya chakula. Hizo ni saa 8 za kazi kwa siku, 40 kwa wiki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa husafisha ofisi za kampuni nyingine kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Jumla ya wiki ni saa 49. Mtu akiishia hapo, ataona amezidi kidogo tu wastani wa 48 unaotakiwa katika miezi sita, na kwamba wiki nyepesi zitafidia.

Tatizo lenyewe liko kwenye siku. Sheria ya Ujerumani huweka saa 8 kwa siku, na huruhusu hadi 10 mradi wastani urudi kuwa 8. Jumatatu yake ina 11. Akitoka saa 3 usiku na kurudi ghalani saa 1 asubuhi, amepumzika saa 10, pungufu ya 11. Zile saa mbili na nusu kati ya ghala na ofisi hazimsaidii, kwa sababu mapumziko ya siku huanza kuhesabiwa kazi ya mwisho inapokwisha, na hayakatwi vipande.

Usafi ukihamishiwa saa 11:30 jioni hadi saa 1:30 usiku, siku inakuwa na saa 10, usiku una mapumziko ya saa 11 na nusu, na wiki inashuka hadi saa 46.

Ugumu wa hesabu hii ni kwamba kila mwajiri anaona nusu yake tu. Kwa madereva wa malori na mabasi, sheria ya Ulaya imeliziba pengo hilo vizuri: mwajiri lazima amwombe dereva kwa maandishi idadi ya saa anazofanya kwingine, na dereva lazima ajibu kwa maandishi. Lakini jibu la jumla peke yake halitoshi. Anayeuliza "saa ngapi kwa wiki" asingeligundua kosa la Hamburg; anapaswa kuuliza saa ya kuanza na ya kumaliza kwa kila siku.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, mbali na saa moja ya kupumzika katikati ya kazi. Kiswahili huyaita yote mawili *mapumziko*, na mwenye ajira mbili anaweza kuyachanganya. Afadhali wanaoandika mikataba waseme *mapumziko ya katikati ya kazi* na *mapumziko ya siku*, kisha waongeze mstari mmoja unaomtaka mfanyakazi ataje saa za ajira yake nyingine.