Ripoti Iliyokufa Washington Ikafufukia Quebec

Mwaka 1978 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani ilitoa pendekezo lililozitikisa kampuni za nafaka za sukari na vitu vya kuchezea: televisheni isimtangazie biashara mtoto mdogo asiyeweza kutambua kwamba anauziwa kitu. Wafanyabiashara walikuja juu, na mwaka 1980 Bunge likaipunguzia Tume mamlaka.

Mwaka 1981 wataalamu wa Tume walihitimisha katika ripoti yao kwamba watoto wa miaka 6 kwenda chini hawaelewi nia ya tangazo. Hata hivyo, walishauri suala hilo lifungwe. Wangemtambuaje mtazamaji wa umri huo? Vipindi vingi anavyotazama mtoto hutazamwa pia na kaka zake wakubwa na wazazi, kwa hiyo kuzuia matangazo humo kungewagusa watu wazima wengi. Suala likafungwa.

Kaskazini ya mpaka, jimbo la Quebec nchini Kanada lilikuwa limepita njia nyingine. Sheria yake, iliyoanza kutumika mwaka 1980, inakataza matangazo ya biashara kwa watoto walio chini ya miaka 13. Haiishii kuhesabu watazamaji, bali inauliza mambo matatu. Bidhaa ni ya nani? Tangazo limetengenezwa kwa namna gani? Limeonyeshwa wapi na saa ngapi? Chukua mwanasesere anayetangazwa kwa katuni na wimbo wa kitoto katikati ya kipindi cha watoto: majibu yote matatu yanaelekea kwa mtoto. Tangazo la bima ya nyumba kwenye kipindi hichohicho halihesabiwi hivyo kwa sababu tu mtoto yupo anatazama.

Kampuni ya Irwin Toy ilikwenda mahakamani ikidai sheria hiyo inaminya uhuru wa kujieleza. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kwamba uhuru huo umeminywa kweli, lakini kwa majaji watatu dhidi ya wawili ikaona kuna sababu ya haki. Ushahidi mmojawapo ulioegemewa ulikuwa ripoti ileile ya Washington. Ripoti ilizungumzia watoto wa hadi miaka 6, sheria ikalinda hadi 12. Majaji wakasema Bunge la jimbo halilazimiki kuwalinda walio dhaifu kabisa peke yao.

Sheria hiyo ina matundu. Vifungashio na madirisha ya maduka vimeachwa nje, na televisheni za nchi jirani huvuka mpaka bila kizuizi. Lakini imetuachia kipimo kinachofaa, nami nakitetea: mtangazaji asijitetee kwa kusema hata watu wazima walikuwa wakitazama. Aulizwe alikuwa akizungumza na nani alipochagua bidhaa, wimbo na saa. Kama jibu ni mtoto asiyejua kuwa anashawishiwa, hapo mpaka umevukwa.