Mbia Akitoroka: Madeni Mawili ya Mbia Aliyebaki katika Sheria ya Tanzania

Watu wawili wanapokopa benki kwa ajili ya biashara yao, kisha mmoja akatokomea, swali linaloulizwa kwanza ni kama aliyebaki alipe deni lote au nusu yake. Makala haya yanadai kwamba swali hilo linachanganya madeni mawili. Lipo deni la wabia kwa mkopeshaji, na lipo deni la wabia wao kwa wao. Katika la kwanza aliyebaki anadaiwa lote. Katika la pili anadaiwa fungu lake tu, na kila shilingi aliyolipa zaidi ya hapo ni dai lake dhidi ya aliyetoroka. Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa, na kwa benki hilo halina ubishi. Kinachosahaulika ni kwamba namna ya kulipa deni la kwanza ndiyo inayoamua kama la pili litabaki hai au litakufa.

Msingi wa deni la kwanza umo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyorithi mengi kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 43 kinasema kwamba watu wawili au zaidi wakitoa ahadi ya pamoja, anayeidai anaweza kumlazimisha yeyote kati yao aitimize yote, isipokuwa kama walikubaliana wazi vinginevyo. Kwa hiyo aliyebaki hawezi kujitetea kwamba hati ya mkopo haikusema kila mmoja atawajibika peke yake. Kimya cha hati kinamnufaisha mkopeshaji. Wala haimsaidii kuonyesha kwamba yeye na mwenzake walielewana kuwa mkopo ni wa mwenzake na yeye ni mdhamini tu. Maelewano ya aina hiyo yasiyomhusisha mkopeshaji hayamfungi, hata kama alikuwa na habari nayo.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumwadhibu mwaminifu kwa kosa la mwizi, na kwamba benki ingepaswa kumtafuta kwanza mtoro. Hoja hii ina uzito wa kimaadili, lakini inasahau ni nani aliyemchagua nani. Benki haikumchagua mbia. Ilipewa sahihi mbili na ikakopesha kwa kuzitegemea zote. Aliyebaki ndiye aliyefanya kazi na mtoro, akaona vitabu vyake, na akawa na nafasi ya kumdhibiti kwa njia nyepesi kama kuhitaji sahihi za wote wawili kila pesa inapotolewa kwenye akaunti. Sheria inapomtwika yeye hatari ya kutoroka mbele ya mkopeshaji, inaiweka kwa mtu aliyekuwa na uwezo zaidi wa kuizuia. Isitoshe, haimwachi mtupu. Kifungu hichohicho kinampa haki ya kumdai mwenzake mchango sawa, kama mkataba haukuonyesha nia tofauti.

Ukubwa wa mchango huo hauonekani mpaka hesabu ya ubia ifungwe. Tuchukue wabia wawili wa duka la vipuri vya pikipiki, waliochangia mtaji sawa na wanaogawana faida na hasara nusu kwa nusu. Mmoja anatoroka wakati deni la benki limebaki shilingi milioni 26. Dukani kuna mali ambayo ikiuzwa inaleta milioni 10, na taarifa ya akaunti inaonyesha kwamba kabla ya kutoweka mtoro alichota milioni 5 kwa matumizi yake. Aliyebaki anauza mali, analipa milioni 10, kisha anatoa milioni 16 mfukoni mwake. Akihesabu harakaharaka atadai nusu ya milioni 16, yaani milioni 8. Hesabu sahihi ni nyingine. Milioni 5 zilizochotwa ni mali ya ubia iliyo kwa mtoro, hivyo mali yote ni milioni 15 dhidi ya deni la milioni 26. Pengo ni milioni 11, na kila mmoja anabeba milioni 5.5. Mtoro anadaiwa fungu hilo pamoja na milioni 5 alizochukua, jumla milioni 10.5. Tofauti ya milioni 2.5 inategemea taarifa ya benki, orodha ya mali iliyohesabiwa siku mwenzake alipotoweka, na risiti za mauzo. Aliyeuza mali bila orodha anajiweka pabaya zaidi, kwa sababu mtoro akirudi anaweza kudai kwamba duka lilikuwa na mali ya milioni 20.

Hatari kubwa zaidi imo katika kitu kinachoonekana kama msaada. Marejesho yakichelewa, benki humwita aliyebaki na kumpa nafasi ya kupanga upya mkopo: muda mrefu zaidi, rejesho dogo zaidi kwa mwezi, na hati mpya ya kusaini peke yake. Kwa kawaida ya sheria ya mikataba, pande zikikubaliana kuweka mkataba mpya badala ya ule wa awali, wa awali haulazimiki tena kutekelezwa. Hapo mtoro anapata hoja kwamba deni la pamoja lilikwisha na kwamba mwenzake analipa deni lake mwenyewe. Hoja hiyo inaweza kushindwa mahakamani, lakini hakuna sababu ya kumzawadia. Hati ya kupanga upya inapaswa kusema kwamba inabadilisha ratiba ya malipo tu, kwamba mkopo wa awali unaendelea, na kwamba haki dhidi ya mkopaji wa pili zimehifadhiwa. Ikumbukwe kwamba kumsamehe mkopaji mmoja hakuhitaji kuwa mwisho wa mchango: kifungu cha 44 kinasema mkopeshaji akimwachilia mmoja, wengine hawaachiliwi, na aliyeachiliwa bado anawajibika kwa wenzake.

Deni lote, hata hivyo, si deni lisilo na mpaka. Aliyebaki anadaiwa kile kilichosainiwa, pamoja na riba na gharama zilizomo katika mkataba. Hadaiwi mkopo ambao mtoro aliuchukua kwa jina lake mwenyewe kwa mambo yake. Penye utata ni mikopo na bidhaa alizochukua kwa jina la duka baada ya kutoweka, kwa kuwa watu wa nje wana haki ya kuamini kwamba mbia bado ni mbia mpaka waambiwe vinginevyo. Ndiyo maana barua kwa benki na kwa wauzaji wa jumla, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, ina thamani kuliko taarifa ya polisi. Ya polisi inathibitisha kwamba mtu ametoweka. Barua ndiyo inayofunga mlango wa madeni mapya.

Pingamizi la mwisho ni kwamba haki ya mchango dhidi ya mtu asiyeonekana ni haki ya kwenye karatasi. Ni kweli kwamba haimlipi aliyebaki mwezi huu. Lakini kutoonekana kwa mdaiwa hakuzuii kesi: mahakama inaweza kuruhusu wito utangazwe gazetini, ikasikiliza upande mmoja, na pale penye dalili kwamba mdaiwa anakwepa, ikazuia mali yake kabla ya hukumu. Mtoro mwenye kiwanja au gari anafikika hata kama yeye mwenyewe hafikiki. Asiye na chochote hafikiki, na katika hali hiyo aliyebaki atabeba hasara yote, kama ambavyo benki ingeibeba laiti sahihi ya pili isingekuwapo. Hiyo ndiyo bei halisi ya kusaini mkopo na mtu mwingine, nayo ni deni zima, wala si nusu yake.